Stori ya mwanzilishi kwenye lebo: anza na kilichotokea kweli

Asanteni, kaeni kaeni, tusipoteze muda. Leo naongelea kile kiaya kidogo nyuma ya kopo, kile cha "sisi ni nani", maana ndo sehemu watu wengi wanaoniletea lebo wanaiharibu, na wanaiharibu kwa kutaka ipendeze.

Kuna ndugu wawili wa Brooklyn, Marekani, walikuwa na chokoleti inaitwa Mast Brothers. Makaratasi mazuri ya kufungia, ndevu ndefu, stori yao ni kwamba wanatengeneza wenyewe kuanzia punje ya kakao mpaka kipande unachokula. Desemba 2015 mwandishi mmoja wa mtandaoni huko Dallas akatoa uchunguzi kwamba miaka ya mwanzo chokoleti yao haikuwa hivyo, na wenyewe wakaja kukubali kwamba mwanzoni walitumia pia chokoleti ya viwandani ya Valrhona, ile unayoiyeyusha tu. Sasa angalieni kinachoniuma mimi. Kuyeyusha chokoleti ya mtu wakati bado unajifunza siyo dhambi, na ingeandikwa ilivyo ingekuwa stori nzuri tu, mtu angeielewa. Kilichowaangusha ni kuuruka ule mwanzo, na ukiuruka mwanzo mtu akaja kuugundua, anaanza kutilia shaka hadi yale uliyoyafanya kweli.

Haya turudi nyumbani. Dada mmoja wa Morogoro anatengeneza siagi ya karanga, alikuja na maneno yake tayari: "Tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuiletea jamii lishe bora, kwa mapenzi makubwa..." Nikamwambia dada yangu, hii ukifuta siagi ukaandika sabuni bado inasomeka vilevile. Hapo ndo unajua stori haina mwenyewe. Nikaacha kumuuliza kwanini ulianza, maana ukimuuliza mtu kwanini anakupa hotuba, nikamuuliza ilikuwaje: ulikuwa unafanya nini kabla, ulisagia nini, cha nani, kopo la kwanza alichukua nani, akasemaje.

Ndo yakatoka. Alikuwa anauza karanga za kukaanga stendi ya Msamvu, mvua ikinyesha abiria hawashuki kwenye basi, karanga zinabaki. Akaanza kuzisaga nyumbani kwa blenda ya wifi yake mpaka blenda ikaungua. Nikamuuliza ukaifanyaje, akasema nilimlipa. Nikaomba namba ya wifi. Hii hatua msiiruke jamani, mtafuteni mtu wa pili aliyekuwepo, kwanza kuhakikisha, pili kumuomba ruhusa maana na yeye unamuweka kwenye kopo. Wifi akacheka, akasema hela hajaiona, alilipwa siagi, kopo kila wiki mpaka deni likaisha. Hicho kitu huwezi kukitunga ukiwa umekaa ofisini, na mwenyewe alikuwa ameshakisahau!

Sasa nafasi. Ukishaweka viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, namba ya bechi na anwani, kwenye kopo dogo unabaki na sehemu ya maneno kama arobaini hivi, na usipunguze saizi ya herufi ili stori ienee, punguza stori. Tuliishia hapa:

"Nilikuwa nauza karanga Msamvu. Mvua ikinyesha zilikuwa zinabaki, nikazisaga kwa blenda ya wifi mpaka ikaungua. Nilimlipa kwa siagi, kopo kila wiki. Humu ni karanga na chumvi tu, ndiyo maana mafuta yanapanda juu. Koroga kwanza."

Oneni ile sentensi ya mafuta. Wateja walikuwa wanarudisha makopo wakidhani imeharibika, kumbe siagi isiyowekewa mafuta mazito ya kuishikilia lazima ijitenge. Kwa hiyo stori inaishia kwenye kitu ambacho msomaji akifungua kopo anakiona kwa macho yake, anaamini na yale ya juu.

Picha nayo, alitaka kupigwa shambani na kapu kichwani, wakati karanga ananunua sokoni. Tukampiga pale anapopepeta na kuchambua, na aproni yake ile ile ya kila siku, anaangalia karanga, haangalii kamera.

Kitu cha mwisho ni nyakati za vitenzi, watu hawakiangalii kabisa. Lebo unachapa nyingi kwa mkupuo ili bei ishuke, zinakaa stoo muda mrefu. Ukiandika "nasaga mwenyewe kila asubuhi" afu katikati ukaajiri vijana wawili, kila kopo linalotoka linadanganya na wewe huna habari. Ya zamani yaandike kama ya zamani, "nilisaga", hayo hayabadiliki. Ya sasa weka yale tu unayoweza kuyasimamia mpaka lebo ya mwisho ya ile bechi ibandikwe, na kabla ya kuchapa upya soma tena mstari kwa mstari na wale unaofanya nao kazi, wao ndo watakwambia hiki siku hizi hatufanyi.

Waliokuja na makopo yao yaleteni hapa mezani, tuanze na ile ya asali.