Sini Ikihama, Hama Nayo: Kulinda Mtiririko wa Muda Katika Skripti

Ndugu waandishi, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia makosa yanayoingia siku mwandishi anapohamisha sini. Rasimu ya kwanza mara nyingi huwa salama, kwa sababu uliiandika kwa mfuatano. Hatari inaanza unapokata hapa na kubandika kule.

Chukueni mfano huu niliouandaa. Sini ya 11, Alhamisi jioni, Rehema yuko gengeni, amevaa dera la kijani. Sini ya 12, Ijumaa asubuhi, amevaa gauni la njano, anakatwa na kisu jikoni, kidole gumba cha kushoto. Sini ya 13, mchana, yuko kituo cha daladala, kidole kimefungwa bandeji, mkononi ana bahasha ya kaki yenye kodi. Sini ya 14, anamkabidhi mwenye nyumba, ambaye ndiyo kwanza ametoka swala ya Ijumaa na kanzu yake. Sini ya 15, usiku, anagombana na kaka yake kuhusu pesa hiyo, na bahasha tupu aliyorudishiwa inachanwa. Sini ya 16, asubuhi, Rehema yuko stendi.

Mwandishi anaona ugomvi ungeleta joto zaidi ukitangulia, kabla pesa haijatoka. Anaichukua sini ya 15 na kuiweka baada ya ya 11. Kichwa chake, NDANI. CHUMBA CHA REHEMA – USIKU, kinabaki vilevile, na kinakaa sawa kabisa, maana baada ya jioni huja usiku. Hapo ndipo jicho linapodanganyika. Kichwa kiko sahihi, lakini ndani ya sini kila kitu bado ni cha Ijumaa: Rehema ana bandeji ya jeraha ambalo hajalipata, amevaa gauni la kesho, na anasema "nilimpa leo mchana" wakati pesa bado anayo.

Dawa yake ni jedwali. Kila sini iwe na mstari wake: namba, siku ya hadithi, saa, mavazi, hali ya mwili, vitu vilivyo mkononi. Siku ya hadithi ni hesabu ya siku wanazoishi wahusika, wala haihusiani na ratiba ya kupiga picha. Ukishalijaza, usilisome kwa kulala tu, mstari kwa mstari. Lisome pia kwa kusimama, safu moja kutoka juu hadi chini. Fuata bandeji peke yake: inaanza wapi, inabadilishwa wapi, inaisha wapi. Kisha rudi juu ufuate bahasha.

Tufanye hivyo kwa Rehema. Bandeji inaondoka kwenye ugomvi. Dera linarudi kuwa la kijani, kwa sababu ni usiku uleule wa gengeni. Maneno yanakuwa "kesho nampelekea." Bahasha ndiyo ngumu: ikichanwa Alhamisi ikiwa na pesa ndani, haiwezi kutokea nzima kituoni Ijumaa. Unaweza kufuta kule kuchanwa. Mimi ningeiacha ichanike, Rehema aifunge kwa selotepu, na mwenye nyumba aione ile selotepu anapoipokea. Kosa limezaa kitu cha kuigiza, bila kuongeza hata sentensi moja ya mazungumzo.

Wengi wanaishia hapo, na wanasahau pengo lililobaki nyuma. Sini ya 14 ni mchana, sasa inafuatwa moja kwa moja na ya 16, asubuhi. Usiku uliokuwa katikati umehama. Mtazamaji hasomi vichwa vya sini, anaona mwanga na nguo tu. Rehema akiwa stendi na gauni lilelile la njano, atadhani tumerudi nyuma, asubuhi ya Ijumaa. Mbadilishie nguo, na bandeji iwe mpya au imeanza kuchafuka. Kama bado haitoshi, weka picha fupi ya usiku, taa ya nje na mlango uliofungwa.

Angalieni pia vichwa vilivyoandikwa BAADAYE au MUDA MFUPI BAADAYE. Hivyo huegemea sini iliyotangulia, na ikihama, havina maana tena. Andika saa. Na magharibi muitumie kwa uangalifu: huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo mazungumzo ya kurasa nne yaliyoandikwa MAGHARIBI yatapigwa kwa mwanga usiolingana mwanzo na mwisho.

La mwisho ni namba. Kama skripti imeshagawiwa kwa watu wa mavazi, vipodozi na vifaa, usipange namba upya. Ugomvi uliohamia mbele uite 11A, na mahali pa zamani andika: 15 – IMEONDOLEWA. Mtu wa vipodozi amekwisha andika kwenye karatasi yake kwamba sini ya 15 ina bandeji. Ukiifanya ya 16 iwe ya 15, atamfunga Rehema bandeji kwa maelezo ya sini nyingine, na mkishamaliza kupiga picha pale stendi, hamtarudi tena.