Wazazi wote wana rangi, mtoto kazaliwa na ualbino: tuichore krosi yake hatua kwa hatua

Haya karibuni, leo nipo barazani hapa Ngamiani, umeme umekatika nikaona nitoke nje kwenye mwanga, kwahiyo mkisikia kengele za baiskeli huko nyuma msishangae, hii ni Tanga bwana. Hii video ni ya fom foo wanaosumbuliwa na mada ya urithi, hasa ile ya dominanti na risesivi, na ntatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho: baba ana rangi, mama ana rangi, mtoto kazaliwa na ualbino. Imewezekanaje?

Chukua karatasi, rula na kalamu mbili za rangi tofauti. Alafu kama una vikombe viwili na kunde kidogo, nyekundu na nyeupe, viweke pembeni, tutavihitaji. Mimi kunde zangu nimetoa soko la Mgandini, mama kaniuliza mbona unachagua moja moja kama dhahabu.

Kabla hujachora chochote elewa hiki kitu. Rangi ya ngozi, nywele na macho inatokana na melanini, na mwili unaitengeneza kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye jeni. Ziko jeni kadhaa zinazohusika, ila aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi huku kwetu Afrika inatokana na jeni moja inaitwa OCA2, iko kwenye kromosomu namba 15. Kila mtu ana nakala mbili za hiyo jeni, moja kapewa na baba moja kapewa na mama. Hizo nakala ndo tunaita aleli. Aleli nzima, inayofanya kazi, tuiite A. Aleli iliyoharibika, maelekezo yake hayasomeki vizuri, tuiite a.

Sasa mtu mwenye Aa anakuwaje? Anakuwa na rangi kama kawaida, huwezi kumjua kwa kumtazama. Kwasababu ile A moja aliyonayo inatosha kuufanya mwili utengeneze melanini ya kutosha. Hapo ndo maana ya dominanti, A haimpigi a wala haimfukuzi, a ipo palepale imekaa kimya, ila kazi inaonekana ya A. Na risesivi maana yake sifa ambayo haionekani mpaka nakala zote mbili ziwe a, yaani aa, hapo hamna nakala nzima hata moja ya kusaidia.

Na mniangalie hapa, dominanti sio lazima iwe ndo sifa ya watu wengi. Kidole cha sita mara nyingi kinarithiwa kwa njia ya dominanti, lakini ukihesabu darasa lenu karibu wote mna vidole vitano. Kwahiyo ukikuta swali limekwambia sifa fulani ni ya wachache usikimbilie kuandika risesivi, tafuta ushahidi kwenye wazazi na watoto. Wazazi wawili wenye sifa ile ile wakipata mtoto ambaye hana hiyo sifa, basi ile ya mtoto ndo iliyokuwa imejificha. Ndo kama hapa kwetu.

Sasa tuchore. Hatua ya kwanza, juu kabisa andika ufunguo: A ni aleli ya rangi, a ni aleli ya ualbino. Tumia herufi moja, kubwa na ndogo, usiandike R kwa rangi na U kwa ualbino, ukifanya hivyo umeshaonyesha jeni mbili tofauti na krosi nzima imeharibika. Na ukiachiwa uchague mwenyewe kimbia herufi kama C na S, kubwa na ndogo zinafanana, msahihishaji akishindwa kuzitofautisha utamlaumu nani.

Hatua ya pili, wazazi. Baba ana rangi, mama ana rangi, hiyo ni fenotaipu, yaani kinachoonekana. Chini yake andika jenotaipu, na hapa ndo inabidi ufikiri kidogo. Mtoto ana ualbino kwahiyo ni aa. Hizo a mbili hazikuota kwenye mti, moja imetoka kwa baba moja kwa mama. Kwahiyo baba lazima awe na a, na kwasababu ana rangi lazima awe na A, basi ni Aa. Mama vilevile, Aa. Umeona? Jenotaipu ya wazazi umeipata kwa kuanzia kwa mtoto ukirudi nyuma, na maswali mengi ya mtihani yanafanyika hivyo.

Na nisimame hapa kidogo. Kuna kina baba wanaomuacha mke mtoto akizaliwa hivi, eti huyu sio wangu, kwetu hamna. Mchoro unakataa hiyo hoja. Kwenu wanaweza kupita mababu na mababu wenye Aa wala asijue mtu, na mtoto hawezi kuwa aa kwa nguvu ya mama peke yake. Mchoro hauthibitishi kwamba yeye ndo baba, hapana, ila ualbino wa mtoto sio ushahidi wowote wa kumkana.

Hatua ya tatu ni gameti, na hapa ndo wengi wanadondokea. Gameti ni mbegu ya baba au yai la mama, na kila moja inabeba nakala moja tu, kwasababu wakati wa mayosisi zile mbili zinaachana. Baba wa Aa, nusu ya mbegu zake zina A na nusu zina a. Chora viduara, ndani ya kila kiduara herufi moja. Nikikuta kiduara kimeandikwa Aa najua huyu amekariri mchoro hajaelewa. Jikague hivi: kama kwenye jibu mtoto katoka na herufi nne, kosa liko kwenye gameti, rudi hapo.

Hatua ya nne, jedwali la Punnett. Piga mraba, ugawe vyumba vinne. Gameti za baba juu, A na a. Gameti za mama ubavuni, A na a. Kila chumba kinachukua herufi moja ya juu na moja ya ubavuni. Chumba cha kwanza AA, cha pili Aa, cha tatu Aa, cha nne aa. Ukiandika aA sio dhambi ila desturi ni kuanza na herufi kubwa. Jenotaipu ni 1 ya AA kwa 2 za Aa kwa 1 ya aa, fenotaipu ni 3 wenye rangi kwa 1 mwenye ualbino. Hii 3 kwa 1 ndo ile ile aliyoipata Mendel kwenye njegere, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, akachapisha 1866. Gawanya mwenyewe utapata 2.96.

Swali ninaloulizwa kila mara, ina maana wakizaa watoto wanne mmoja lazima awe na ualbino? Hapana jamani. Vyumba vinne sio watoto wanne, ni nafasi nne za mtoto mmoja, na kila mimba jedwali linaanza upya. Mtoto wa tano hajui kaka zake walitokaje.

Leta kunde zako. Kila kikombe weka nyekundu 10 na nyeupe 10, nyekundu ni A, nyeupe ni a. Kikombe kimoja baba kingine mama. Fumba macho, chota moja huku moja huku, andika ulichopata, alafu RUDISHA kila punje kwenye kikombe chake na utikise, usiporudisha unabadilisha nafasi na hesabu itakuwa ya uongo. Mimi nimechota mara 40: nyekundu mbili mara 8, mchanganyiko mara 21, nyeupe mbili mara 11. Yaani wenye rangi 29 kwa 11, karibu na 30 kwa 10 ila sio yenyewe. Alafu nikazikata nne nne kama familia kumi. Familia 3 hazina mtoto mwenye ualbino hata mmoja, 4 zina mmoja, 2 zina wawili, na moja ina watatu! Wazazi wote hao ni Aa kwa Aa. Hata kwa hesabu, familia ya watoto wanne kukosa kabisa ni 3/4 mara yenyewe mara nne, ambayo ni 81/256, karibu theluthi. Ndo maana wazazi wengi wa Aa kwa Aa hawatajua maisha yao yote.

Sasa ya mwisho, hii inawatofautisha wanaokariri na wanaoelewa. Huyo mtoto ana dada yake mwenye rangi. Dada anauliza, mimi nna nafasi gani ya kuwa Aa? Wengi mnajibu nusu, kwasababu mnaona vyumba viwili kati ya vinne. Chukua kizibo cha soda, funika chumba cha aa. Kwanini? Kwasababu dada tunamwona ana rangi, kile chumba sio chake tena. Vimebaki vitatu, viwili ni Aa. Jibu ni 2/3.

Huyo dada akaolewa na kijana mwenye ualbino wa jeni hiyohiyo, aa. Nasema jeni hiyohiyo kwasababu ualbino wa jeni tofauti hauchorwi hivi, baba na mama wote wana ualbino na mtoto anaweza kutoka na rangi, kila mmoja kaleta nakala nzima ya kile kilichoharibika kwa mwenzake. Haya, kama dada ni AA, watoto wote Aa, wana rangi. Kama ni Aa, krosi ya Aa kwa aa inatoa nusu kwa nusu. Kwahiyo kabla hajazaa, nafasi ya mtoto wa kwanza kuwa na ualbino ni 2/3 mara 1/2, yaani 1/3.

Akizaliwa mtoto mmoja mwenye ualbino, swali limekwisha, dada ni Aa. Lakini wakizaliwa wenye rangi watupu usiandike moja kwa moja kwamba ni AA, maana mama wa Aa anaweza kupata wawili wenye rangi kwa nafasi ya 1/4, na hata wakifika kumi bado imebaki 1/1024.