Mwezi Mmoja Hauhesabiwi Mara Mbili

(Mhadhara kwa maofisa utumishi na wajumbe wa kamati za mchujo)

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mchujo wa waombaji kwa jumla. Nitazungumzia jambo moja tu, jinsi ya kuhesabu miezi ya uzoefu, na wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanalijua. Cheka tu, lakini fomu zenu nimeziona. Tangazo linataka miezi 36 ya uzoefu. Mjumbe anafungua wasifu, anaona kazi tatu, anajumlisha miaka ya kazi ya kwanza na ya pili na ya tatu, anaweka vema. Dakika mbili kwisha. Halafu rufaa ikija mnaniita mimi.

Haya, tumchukue mwombaji. Nimemtunga, ila nina hakika mmeshakutana naye. Nafasi ni ya mhasibu msaidizi wa chama kikuu cha ushirika kule Mtwara, na tangazo linataka miezi 36 ya kutunza kumbukumbu za fedha au za mazao. Wasifu wake unasema hivi: karani wa ghala la korosho, 2019 hadi 2022. Mhasibu msaidizi wa SACCOS, Machi 2021 hadi Agosti 2022. Mtunza vitabu wa duka la dawa, Juni 2022 hadi Mei 2023. Mjumbe anahesabu: miaka mitatu ya ghalani ni miezi 36, SACCOS 18, duka 12. Jumla 66. Anapita, tena kwa kishindo!

Sasa ulizeni maswali ambayo hakuulizwa. Korosho inapimwa ghalani mwaka mzima? Aliyeishi kusini atakwambia pilikapilika inaanza Oktoba minada ikifunguliwa, na kufika mwisho wa Januari mizani imetulia. Barua zake za ajira zinasema hivyohivyo: Oktoba hadi Januari, misimu mitatu, 2019/20, 2020/21 na 2021/22. Miezi minne mara tatu ni 12. Ile "2019 hadi 2022" si uongo, kila mwaka alikuwepo. Ila baina ya misimu hakuwa ghalani.

Duka la dawa je? Mkataba unasema saa 20 kwa wiki, na wiki kamili ya hapo ni saa 40. Ni nusu.

Sasa futeni vichwani hesabu ya kujumlisha kazi. Chukueni karatasi mchore vijumba, kijumba kimoja kwa kila mwezi wa kalenda, kuanzia Oktoba 2019 hadi Mei 2023. Kila kazi ijaze vijumba vyake. Kijumba kikishajaa kimejaa, hata ukimwaga kazi nyingine tatu juu yake.

Misimu miwili ya kwanza inajaza vijumba vinne na vinne, vinane. Februari 2021 ni tupu. SACCOS, muda wote, inajaza Machi 2021 hadi Agosti 2022, vijumba 18. Tumefika 26. Msimu wa tatu wa korosho, Oktoba 2021 hadi Januari 2022, unaangukia wapi? Ndani ya SACCOS. Alikuwa ofisini mchana na ghalani jioni na Jumamosi. Tunamvulia kofia, lakini haongezi hata kijumba kimoja. Duka la dawa lina miezi 12, mitatu ya mwanzo imeshafunikwa na SACCOS. Inabaki tisa, kila mmoja nusu: minne na nusu.

Ishirini na sita na minne na nusu ni miezi 30 na nusu, siyo 66. Hafiki 36.

Najua kuna mtu anataka kusimama. Bwana, karani wa korosho msimu ukipamba moto anafanya kazi usiku na mchana, unamdhulumu! Sikiliza. Ukianza kumlipa mtu miezi kwa jasho, daktari wa zamu za usiku atakuja na miaka 40 ya uzoefu akiwa na umri wa miaka 30. Tangazo limeuliza muda, basi pima muda. Hata Kanada, kwa wanaoomba kuhamia kwa ujuzi, wiki ya saa 30 ndiyo kamili, mwaka ni saa 1,560, na saa unazozidisha juu ya 30 katika wiki haziongezi kitu. Na wale wa cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi wanataka miezi 36 kwa mwenye shahada, na miradi miwili ikienda pamoja mwezi wa Machi, Machi ni mmoja.

Ila pingamizi hilo lina ukweli wake, na hapa nawalaumu nyinyi mnaoandika matangazo. Karani wa misimu mitatu ameona korosho ikiingia, ikipimwa unyevu na kuuzwa mara tatu. Aliyekaa miezi 12 mfululizo ameona mara moja. Kama kinachotakiwa ni kuujua mzunguko wa zao, andika "misimu mitatu". Usiandike miezi 36 kisha ukamhurumia mmoja kwenye mchujo, maana huyo mwingine uliyemwacha kwa hesabu kali atakukatia rufaa, na atashinda.

Kosa la upande wa pili nimeliona pia, nalo linaumiza watu wanyonge zaidi. Mjumbe akishasikia "miezi isirudiwe" anafuta kila kinachogongana. Mwalimu anafundisha chuo kimoja saa 20 na kingine saa 20, miezi ileile. Mjumbe anafuta kimoja, anagawa kilichobaki kwa mbili. Hapana! Nusu na nusu ni mwezi mzima. Kwa muda wa sehemu unajumlisha kwanza, kisha unakata panapozidi moja. Akiwa na chuo cha tatu, ndipo hicho hakiongezi.

Na nusu ni nusu ya nini? Amueni kabla ya kufungua bahasha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, lakini hicho ni kikomo. Ukigawa kwa 45, ile minne na nusu ya duka inakuwa minne. Chagueni kigawanyo kimoja, mkiandike kwenye muhtasari wa kikao, kitumike kwa wote.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka haraka basi. Mnaotumia Excel, ukiweka 1 Machi 2021 kwenye A2 na 31 Agosti 2022 kwenye B2, DATEDIF inakupa 17, kwa sababu haihesabu siku ya mwisho. Ongeza siku moja:

```
=DATEDIF(A2,B2+1,"m")
```

Hapo inatoka 18. Watu wameachwa kwa mwezi huo mmoja.

"Hadi sasa" kwenye wasifu ihesabuni hadi siku tangazo lilipofungwa, msiende hadi siku mnayokaa. Mwombaji aliyeandika mwaka bila mwezi mpigieni simu au mumtake barua ya ajira, msimkisie. Kuhusu kazi ambayo robo yake tu ndiyo inahusiana na nafasi, na wale waliojitolea bila mkataba, nilikuwa nimeandaa kurasa mbili, lakini muda umekwisha. Mniulize kwenye maswali, na mwenye wasifu wa kweli mkononi aje nao, tuuchoree vijumba hapa ubaoni.