Sheria moja kwa wote, maumivu kwa wachache

WANJIRU: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Wanjiru, niko na kaka yangu Salim, aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi. Leo tuna barua ya dada anayefanya kazi ya kupakia bidhaa katika godauni moja hapa Industrial Area. Anauliza kama amebaguliwa, kwa sababu meneja anamwambia hakuna ubaguzi pale ambapo masharti ni yale yale kwa kila mtu.

SALIM: Meneja anajua nusu ya sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inarudia hayo hayo kwa mwajiri, na inamlinda hata anayetafuta kazi.

WANJIRU: Tuanze na ule wa moja kwa moja.

SALIM: Huo watu wengi wanautambua. Unakwenda kwa mahojiano, unaulizwa kama una mimba, unasema ndiyo, faili inafungwa. Au mkataba wako ulikuwa uongezwe, tumbo likaonekana, ukaambiwa kazi imepungua, na wiki ijayo kuna mtu mpya kwenye meza yako. Swali ni moja tu: kama usingekuwa na mimba, ungetendewa hivyo? Jibu likiwa hapana, mambo yako wazi.

WANJIRU: Barua ya huyu dada haiko hivyo. Nimemwomba ruhusa niisimulie. Kampuni ilibandika tangazo ubaoni la nafasi za msimamizi wa zamu. Sharti la kwanza: mwombaji asiwe amekosa kazini zaidi ya siku 30 katika miezi 12 iliyopita, ukiacha likizo ya mwaka. Hakuna mahali palipotajwa mwanamke, wala mimba. Yeye alikuwa amejifungua mwaka huo na kuchukua likizo yake ya uzazi. Jina lake likaondolewa kabla hata ya mahojiano.

SALIM: Sheria inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Baba anapewa wiki 2. Sasa weka hizo mbili kando ya siku 30. Baba aliyepata mtoto mwaka huo anapita bila wasiwasi. Mama aliyejifungua hawezi kupita hata akiwa mchapakazi namna gani, labda aiache haki yake na kurudi kazini kidonda hakijapona.

WANJIRU: Na ametuandikia hesabu. Waombaji wanaume walikuwa 14, akaondolewa mmoja aliyevunjika mguu. Wanawake walikuwa 12, wakaondolewa 5, na wote 5 walikuwa wametoka likizo ya uzazi.

SALIM: Hapo ndipo ubaguzi usio wa moja kwa moja unapoonekana. Ukisoma tangazo peke yake huoni kitu. Lazima uchukue orodha ya waliopita na walioachwa, uipange kwa makundi. Wanaume 13 kati ya 14 wamepita. Wanawake ni 7 kati ya 12.

WANJIRU: Lakini Salim, meneja atakuuliza: na huyu wa mguu? Si yeye pia kaumia, na ni mwanamume?

SALIM: Aulize tu. Si lazima sharti liwaumize wanawake peke yao, wala si lazima liwaumize wanawake wote. Inatosha liwe linawaangukia zaidi watu wa kundi linalolindwa, na hapa ni jinsia na uzazi. Halafu nia haihitajiki. Pengine meneja hakuwa na ubaya wowote moyoni, alitaka tu watu wasiokosa kazi. Sheria inatazama sharti lilifanya nini.

WANJIRU: Kwa hiyo kila sharti linaloacha watu nje ni ubaguzi? Maana msimamizi lazima awe na sifa fulani.

SALIM: La. Mwajiri ana nafasi ya kujitetea. Sheria inamruhusu kutofautisha kwa sababu ya hitaji halisi la kazi yenyewe. Ukimtaka dereva awe na leseni, utawaacha wengi nje, na hakuna kosa. Sasa tuseme kampuni hii inajibu kwamba msimamizi lazima aujue mfumo mpya wa kuhesabu mali. Lengo ni halali. Lakini je, siku 30 zinapima ujuzi huo? Mtu anaweza kuwa kazini mwaka mzima na asiujue. Mpe kila mwombaji jaribio la saa moja kwenye huo mfumo, na utampata anayeujua bila kumgusa mama yeyote. Ikiwa ipo njia nyepesi kama hiyo na mwajiri hakuitumia, utetezi wake unakuwa dhaifu sana.

WANJIRU: Shuleni je? Wazazi huniambia kila siku, "kanuni ni kanuni, tulitia sahihi."

SALIM: Januari 2019, hapa hapa Kibra, shule ya upili ya Olympic ilimrudisha nyumbani msichana wa Kidato cha Kwanza kwa sababu ya rasta zake. Kanuni ya nywele ilikuwa ya wanafunzi wote. Kwa wengi ni suala la kinyozi, unanyoa na yamekwisha. Kwa mtoto wa familia ya Kirastafari ni kuchagua kati ya imani na darasa. Septemba mwaka huo, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa kama dini nyingine, na msichana akapata haki ya kusoma na nywele zake.

WANJIRU: Ile kesi ya mzazi aliyetaka wasichana Waislamu wavae hijabu shuleni kule Isiolo haikuisha vizuri hivyo.

SALIM: Hiyo inaniuma mpaka leo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilieleza vizuri kabisa kwamba kanuni ya sare inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwabagua wasichana Waislamu. Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikautengua uamuzi huo. Haikusema hijabu haina haki. Ilisema dai la mzazi halikuwasilishwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa. Basi unaweza kuwa na hoja nzuri na ukaipoteza kwenye makaratasi.

WANJIRU: Huyu dada wa godauni afanye nini basi? Mzigo wa kuthibitisha si uko kwa mwajiri?

SALIM: Uko kwake, na ni nguvu kubwa, lakini kwanza lazima uonyeshe kitu cha kujibiwa. Apige picha tangazo kabla halijabanduliwa. Aandike tarehe za likizo yake na barua iliyomruhusu. Awaombe wale wenzake 4 waandike zao. Kisha amwandikie meneja, kwa adabu, aulize sharti la siku 30 limewekwa kwa sababu gani, na asisitize ajibiwe kwa maandishi. Jibu hilo ndilo ushahidi, hata likiwa kimya.

WANJIRU: Baadaye?

SALIM: Aende kwa chama cha wafanyakazi au afisa wa leba, au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Wasipoelewana, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda wa kushtaki ni miaka 3, ila asiungoje. Nafasi zenyewe zinajazwa mwezi huu, na mtu akishakaa kwenye kiti ni vigumu kumwondoa. Barua kwa meneja iende kesho asubuhi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.