Kipindi cha 41: Mastaa Wanne, Nyimbo Sita

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi. Musa, anza na ile harusi ya Jumamosi, maana ulinipigia simu saa saba usiku na sauti imekukauka.

MUSA: Bado inaniuma, dada. Bwana harusi alitaka bendi ambayo mji haujawahi kuiona, akawakusanya watu kutoka bendi nne. Waimbaji wawili wenye majina, kinanda, dramu, mimi kwenye besi, na magitaa matatu. Mazoezi mara mbili tu. Na hayo magitaa matatu yote ni ya solo! Hakuna aliyekubali kushika rizimu.

ZUHURA: Sasa mkapiga nini?

MUSA: Nyimbo za kule tulikotoka. Kila wimbo unajulikana na mmoja wetu, waliobaki tunamfuata kwa macho. Mimi nilikuwa natazama vidole vya mpiga kinanda nijue tunahamia wapi. Watu walicheza, sikatai. Lakini niliporudi nyumbani nikaiweka ile albamu ya Blind Faith, bendi ya mastaa wanne wa roki wa Uingereza, nikasema, hawa nao yaliwapata.

ZUHURA: Basi tuanzie hapo. Novemba 1968 bendi ya Cream wanaagana na mashabiki pale Royal Albert Hall, London. Mpiga gitaa wao, Eric Clapton, amechoka na bendi ya watu watatu wanaoshindana jukwaani. Steve Winwood, mwimbaji na mpiga kinanda, naye ametoka bendi ya Traffic. Wawili hawa wanakutana kwenye nyumba ya Winwood kijijini, wanapiga tu, hakuna mkataba wala tarehe. Halafu Ginger Baker, mpiga dramu wa Cream, anatokea mlangoni.

MUSA: Na Winwood anafurahi, kwa sababu mpiga dramu kama yule humpati kila siku.

ZUHURA: Clapton ndiye aliyesita. Akiwepo Baker, watu watasema Cream imerudi. Lakini akakubali. Ric Grech akatolewa bendi ya Family, tena Family wakiwa ziarani Marekani, akaja na besi na fidla. Blind Faith ikatimia.

MUSA: Sasa hapa ndipo nataka msikilizaji aelewe kwa nini bendi hizi huzaliwa. Bendi ya kawaida inapiga vilabuni miaka miwili, mitatu, mpaka nyimbo ziwe zake. Bendi ya mastaa inauza tiketi kabla haijatunga kitu. Jina la Clapton na jina la Winwood yakiwa kwenye bango moja, meneja na kampuni ya rekodi hawahitaji kusikia wimbo. Tarehe 7 Juni 1969 wanapanda jukwaani Hyde Park mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 100,000. Onyesho la kwanza la maisha yao! Tarehe 12 Julai wako Madison Square Garden, New York. Ni wiki tano.

ZUHURA: Na albamu?

MUSA: Agosti. Ziara ya Marekani imeisha Agosti hiyohiyo, huko Hawaii. Yaani sehemu kubwa ya ziara wanawapigia watu nyimbo ambazo hawajazisikia. Watu wakaita za Cream, na wao wakaanza kuzipiga, na za Traffic pia. Ndiyo harusi yangu ile, Zuhura, ila yao ilikuwa na watu elfu 20 ukumbini.

ZUHURA: Nyimbo zenyewe ni sita. Tatu za Winwood, moja ya Clapton, moja ni ya Buddy Holly wameirudia, na ya mwisho ni ya Baker, “Do What You Like”, dakika 15 na ushee. Nilibandika wali ilipoanza, nikaja kuupalia, bado wanapiga.

MUSA: Usiuguse wimbo ule.

ZUHURA: Upande wa pili wa santuri una nyimbo mbili tu, Musa! Hiyo ni bendi iliyoishiwa. Kila mtu amepewa zamu yake ya solo mpaka sahani ijae.

MUSA: Umewahi kuuhesabu? Hesabu nami, gonga meza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sisi tumezoea kuhesabu nne. Ile tano inakuvuta mguu kila mara, unadhani umefika, kumbe bado hatua moja. Baker anaibeba tano hiyo dakika zote, na wenzake wanapita juu yake mmoja mmoja, kinanda, gitaa, besi, kisha yeye mwenyewe. Mle ndani ndimo wanamosikilizana.

ZUHURA: Wanapokezana. Kupokezana si kusikilizana.

MUSA: Sikiliza besi ya Grech pale—

ZUHURA: Nimesikia besi. Kaka, bendi yenye nyimbo haihitaji dakika 15 za zamu.

MUSA: Bendi yenye muda ingekuwa na nyimbo. Hilo ndilo ninalosema tangu mwanzo. Kalenda ndiyo iliyowaua. Wangeachwa kijijini mwaka mmoja, tungekuwa na albamu nne.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe kabisa. Nani aliyekuwa akitangulia jukwaani Marekani? Delaney na Bonnie, waimbaji mume na mke, na bendi yao. Clapton akawa anasafiri nao kwenye basi lao, anaacha bendi yake. Mwaka haujaisha, yuko Uingereza anapiga nao, safari hii yeye akiwa mpiga gitaa wa pembeni. Kalenda haikumpandisha lile basi. Alikuwa hataki tena kuwa jina kwenye bango, na bendi ile ilikuwa ni bango.

MUSA: Alipanda basi kwa sababu kila usiku analazimishwa kupiga Cream!

ZUHURA: Hakulazimishwa na mtu. Mastaa wana pa kwenda. Mpiga gitaa asiye na jina akigombana na mwenzake, kesho anarudi mazoezini kwa sababu hana kwingine. Winwood alikuwa na Traffic ya kurudia, na alirudi 1970. Baker akaunda bendi ya Air Force, tena akawaingiza Winwood na Grech humo. Nani angevumilia?

MUSA: Basi nikupe bendi nyingine ya mastaa, Crosby, Stills na Nash. Mwaka uleule. Albamu Mei, jukwaani Agosti, pamoja na Neil Young. Nyimbo zilitangulia, watu walipokuja walizijua. Imefanya kazi.

ZUHURA: Na kiangazi cha 1970 wametawanyika. Walikuwa na nyimbo, walikuwa na albamu mbili, na bado wakatawanyika.

MUSA: Wakarudiana.

ZUHURA: Baada ya miaka! Umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

MUSA: Nimekupa bendi iliyoacha albamu mbili ndani ya mwaka. Blind Faith waliacha moja, na theluthi ya moja hiyo unasema ni wali.

ZUHURA: Nasema iliniivishia wali. Na sibadilishi neno.

MUSA: Wala mimi.

ZUHURA: Fundi ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu, na tulikuwa tumeahidi mambo manne ya kuangalia ukitaka kuunda bendi ya watu wenye majina. Nimeyaandika hapa.

MUSA: Na bendi ya Traveling Wilburys hatujawagusa. Harrison, Dylan, Petty, Lynne na Orbison, wakaficha majina yao kwenye jalada na hawakufanya ziara hata moja.

ZUHURA: Kwa nini hukuanza nao, sasa?

MUSA: Kwa sababu ulileta habari ya wali. Wiki ijayo, tukijaliwa. Hizi zilizobaki nipe nimwoneshe msikilizaji kile kipande cha besi. Gonga meza. Moja, mbili, tatu, nne—

ZUHURA: Tano.

MUSA: Umewahi. Anza tena.