Kuweka moto, cheche na moshi kwenye picha kwa Screen

Haya wadau, leo tunawasha moto. Picha hii nimeipiga Bagamoyo, ufukweni pale sokoni kwa samaki, mama anakaanga samaki kwenye karai, kuni zipo ila moto umefifia, kwenye picha unaona weusi tu chini ya karai. Nataka ndimi za moto, cheche kidogo na moshi unaopanda. Natumia Photoshop.

Kwanza angalia nilichagua saa ngapi. Bagamoyo bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya mji, kwa hiyo saa moja jioni upande wa bahari umeshaingia giza, na giza ndo tunalolitaka. Screen, ile namna ya kuchanganya leya na picha iliyo chini yake, inaongeza mwanga tu, haiwezi kupunguza hata kidogo. Ovalei ya moto, yaani picha ya moto unayoiweka juu ya picha yako, inakuwa imepigwa kwenye bakigraundi nyeusi, na nyeusi kwenye Screen ni sawa na hamna kitu, inapotea, kinachong'aa kinabaki.

Nenda File, Place Embedded, chagua picha ya moto, ivute mpaka ikae chini ya karai, bonyeza Enter. Halafu kwenye leya, palipoandikwa Normal, weka Screen. Umeona? Weusi umeondoka, moto umebaki.

Sasa usishangilie bado, hapa ndo watu wengi tunaharibu. Nyeusi ya ovalei nyingi sio nyeusi kamili. Kwenye kompyuta mwanga unahesabiwa 0 mpaka 255, nyeusi kamili ni 0. Tuseme bakigraundi ya moto wako ina 20, jicho linakwambia ni nyeusi, ila ukiiweka juu ya giza la bahari lenye 40 pale panapanda mpaka 57, unapata boksi la mstatili limezunguka moto kama kijivu hivi. Mimi niliwahi kupeleka bango la mteja hivyohivyo, kwenye skrini yangu niliyokuwa nimeipunguza mwanga sikuona kitu, lilipochapwa boksi likaonekana toka ng'ambo ya barabara, nikalirudia kwa hela yangu.

Kwa hiyo pima kwanza. Juu ya leya zote weka Layer, New Adjustment Layer, Levels, halafu kile kishale cha katikati kivute kushoto mpaka picha ing'ae vibaya kabisa. Hapo boksi kama lipo litajitokeza lenyewe, ona kingo zake hizi hapa. Sasa rudi kwenye leya ya moto, bonyeza Ctrl+L, vuta kishale cheusi cha kushoto kuja kulia taratibu, yangu imefika 22 na boksi limekwisha. Simama hapohapo, ukizidisha ncha za ndimi zinakatika na moto unakuwa kama umekatwa na mkasi.

Moshi usiufanyie hivyo, maana moshi wenyewe ni hafifu, ukivuta kishale unaondoka nao. Moshi weka Screen, kisha Layer, Layer Mask, Reveal All, chukua brashi kubwa laini yenye rangi nyeusi ufute kingo za boksi polepole. Na moshi huu ni mweupe tu, ukitaka ule mweusi wa tairi Screen haikupi, tafuta moshi uliopigwa kwenye nyeupe utumie Multiply.

Ukishamaliza ifute ile Levels ya kupimia.

Karai sasa. Moto umepita juu yake kama karai ni kioo, na karai la chuma halipitishi moto, kwa hiyo weka maski kwenye leya ya moto ufute uliopanda kwenye tumbo la karai, acha ndimi mbili tatu zilambe ukingo. Cheche zinaingia kwa njia ileile, ila zile za mbele ya mama zipe Gaussian Blur kidogo, maana kamera imefokasi usoni kwake.

Kuna mtu ataniuliza, picha ya saa sita mchana je? Jaribu uone. Anga ina wekundu 150, kijani 190, bluu 230, na moto wako ni 255, 140, 30. Screen inakupa 255, 226, 233, yaani ile rangi ya machungwa imekuwa pinki iliyopauka. Opasiti haitakusaidia, punguza mwanga wa picha kwanza au uweke moto mbele ya ukuta wenye kivuli.

Mwisho, moto lazima umulike. Leya mpya juu ya picha ya mama, Soft Light, brashi laini ya rangi ya machungwa, Opacity 25 hivi, pitisha chini ya kidevu, kwenye mikono, na kwenye khanga upande unaotazama kuni, mgongoni usiguse. Zima leya hiyo, uwashe tena, mwangalie mama: ikiwa imezimwa moto unaonekana umebandikwa, ikiwaka mama anaota moto wake.