Odi inafunguliwaje, na kwa nini inasogea: mhadhara uliotolewa Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi wanafunzi wa takwimu mliojaa huku nyuma, nawashukuru kwa kuja. Nitazungumzia kazi ya mpanga odi, yaani yule anayeamua kampuni ya kubeti itatoa bei gani kwa kila matokeo. Mtaani husemwa kwamba kazi yake ni kusawazisha fedha, ili timu yoyote ikishinda kampuni ibaki na faida ileile. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini anayeiamini yote hataelewa kwa nini odi husogea siku ambayo fedha hazikusogea, wala kwa nini hutulia siku ambayo fedha zimemiminika.

Tuchukue mchezo wa nyumbani, Pamba Jiji ikiikaribisha Yanga hapa CCM Kirumba. Tarakimu zote nitakazotaja nimezitunga kwa ajili ya mfano. Nimeuchagua mchezo huu makusudi, kwa sababu kwa mechi ya Ligi Kuu ya England mpanga odi wa hapa nchini hana kazi kubwa: soko la dunia limekwisha kuipima, naye huchukua bei kwa msambazaji wa odi na kurekebisha kidogo. Mchezo wa Kirumba hauna soko kubwa la kuigia, kwa hiyo lazima akadirie mwenyewe.

Huanza na uwezekano, si bei. Baada ya kutazama mabao yaliyofungwa na kuruhusiwa, uwanja, safari na vikosi, tuseme anaipa Yanga asilimia 54, sare 26 na Pamba 20. Ukigawa 100 kwa kila tarakimu unapata bei ya haki: Yanga 1.85, sare 3.85, Pamba 5.00. Kwa bei hizo kampuni haipati kitu kwa wastani, kwa hiyo anazipunguza hadi 1.73, 3.60 na 4.70. Sasa ukigeuza bei hizi kuwa asilimia na kuzijumlisha hupati 100 bali karibu 107, na hizo 7 za juu ndizo riziki ya kampuni. Anapofungua, huweka pia kikomo kidogo cha dau, kwa sababu makadirio yake bado hayajajaribiwa na mtu yeyote.

Fedha zinaanza kuingia. Hadi Alhamisi jioni zimefika milioni 10: milioni 8 kwa Yanga, milioni 1 kwa sare na milioni 1 kwa Pamba. Yanga ikishinda, kampuni italipa shilingi 13,840,000, yaani hasara ya 3,840,000. Ikiwa sare, itabaki na 6,400,000. Pamba ikishinda, 5,300,000. Kitabu hiki, yaani hesabu ya madau yote ya mchezo, kimeinama upande mmoja waziwazi. Hata hivyo, pima kila matokeo kwa uwezekano wake na utaona kwamba kwa wastani kampuni bado inatarajia faida ya takriban 650,000. Kuinama kwa kitabu si hasara. Ni hatari, na swali ni kama mfuko wa kampuni unaweza kuibeba hatari hiyo kwa mchezo mmoja.

Tuseme mkuu wake anaona mzigo wa Yanga umezidi. Mpanga odi anaishusha Yanga hadi 1.66, anapandisha sare hadi 3.70 na Pamba hadi 4.90. Kwa nini asiipeleke Pamba hadi 5.50 ili watu waikimbilie na mizani ikae sawa mara moja? Kwa sababu bei ya haki ni 5.00. Akiivuka, kila shilingi 1,000 inayowekwa kwa Pamba inamrudishia mteja wastani wa 1,100, na wapo watu ambao kazi yao ni kuisubiri bei ya namna hiyo tu. Kusawazisha kwa bei hiyo ni kulipia usingizi kwa gharama kubwa. Ni afadhali abaki na sehemu ya mzigo, apunguze kikomo cha dau kwa Yanga, au apeleke sehemu yake kwa kampuni nyingine ikiwa ipo itakayoupokea kwa mchezo huu.

Ijumaa asubuhi linaingia dau moja la shilingi 300,000 kwa Pamba, kwa bei ya 4.90. Ukilinganisha na milioni 8 za Yanga ni kitu kidogo, tena linasaidia mizani. Lakini akaunti iliyoliweka ina historia ya kununua bei mapema, na bei hizo huwa zimeshuka ifikapo saa ya mpira kuanza. Mpanga odi anasimamisha kazi nyingine zote. Pale Mwaloni Kirumba mnalijua jambo hili: mama mia moja wakinunua dagaa wa kula, bei haitikisiki, lakini akinunua mchuuzi mmoja anayejulikana kupata habari za visiwani, kila muuzaji anauliza kuna nini.

Anapopiga simu huku na huku anasikia kwamba wachezaji wawili wa kikosi cha kwanza cha Yanga hawakusafiri. Anakadiria upya: Yanga 49, sare 27, Pamba 24. Kwa makadirio haya, bei ya 4.90 ni zawadi, maana kila 1,000 inarudisha wastani wa 1,176. Anaishusha Pamba mara moja hadi 3.90, ingawa kwa hesabu ya mzigo peke yake alitakiwa kuwavutia watu waje upande huo. Yanga ingestahili kupanda hadi karibu 1.91, lakini kwa kuwa amekwisha kuelemewa na mzigo wake anaipandisha hadi 1.75 tu, na sare anaiweka 3.55. Jumla ya asilimia inafika takriban 111. Mashabiki wa Yanga wataendelea kununua, nao watainunua ghali kuliko siku ya kwanza, japo kwenye skrini bei imepanda.

Kuna mzigo mwingine ambao wageni wa kazi hii huusahau, nao ni wa mikeka. Mtu ameweka shilingi 1,000 kwa timu sita, tano zikiwa na odi ya 1.50 kila moja, na ya sita ni Yanga kwa 1.73, itakayocheza Jumapili. Tano zikishinda Jumamosi, ile 1,000 imekuwa karibu 7,590, na yote inaisubiri Yanga. Mikeka 400 ya aina hiyo ikibaki hai, kampuni inadaiwa zaidi ya milioni 5 Yanga ikishinda, bila shilingi mpya kuingia usiku huo. Wengi huweka timu kubwa zilezile, kwa hiyo mikeka haifi ovyoovyo. Huishi pamoja na kufa pamoja. Ndiyo maana Jumapili asubuhi Yanga inaweza kushuka tena hadi 1.70 bila habari yoyote ya uwanjani, na anayeitazama bei kwa nje atadhani wale wawili wamepanda ndege.

Mpira ukianza, mpanga odi anaandika bei ya mwisho kando ya bei ya kufungua, na kando ya kila dau kubwa. Aliyenunua Pamba kwa 4.90 ameona bei yake ikiishia 3.90, na hilo linahesabiwa dhidi ya mpanga odi hata Pamba ikifungwa mabao manne, kwa sababu matokeo ya mchezo mmoja hayasemi lolote kuhusu ubora wa bei. Michezo mingi ikionyesha mwelekeo uleule, kampuni hufanya mambo mawili: kikomo cha akaunti ile kinapunguzwa, na bei ya kufungua michezo ya Kirumba inapewa mtu mwingine aikadirie.